Usiku hujala, asubuhi sukari inasoma 9.7, imetoka wapi?

Hili swali linazunguka sana hapa Dar, foleni ya kliniki ya kisukari utalisikia, nyumbani kwa watu utalisikia. Mama anasema jana nimekunywa uji kikombe kimoja tu saa moja usiku nikalala, wali sijagusa, chapati sijagusa, asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki najitoboa kidole mashine inaniambia 9.7, sasa hii sukari imeingilia wapi? Na kinachouma ni kwamba watoto wake mwenyewe wanaanza kumuangalia vibaya, wanadhani mama kaamka usiku kafungua friji. Hajafungua friji jamani. Sukari ile imetengenezwa na ini lake, usiku kucha, wakati amelala fofofo, na ini lake halijafanya kitu cha ajabu, limefanya kazi ambayo ini la kila mmoja wetu linafanya kila usiku, tatizo lipo kwa yule anayetakiwa kuliambia ini inatosha.

Sasa ili hii ieleweke inabidi kwanza tuone kiasi chenyewe, maana watu wengi wanadhani damu imebeba sukari nyingi sana. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mtu asiye na kisukari, akiwa hajala, mashine itasoma kwenye 5 hivi, hiyo ni mmol/L, na ukiibadilisha kuwa gramu unapata kama gramu 4 na nusu za glukosi kwenye damu yote mwilini. Ni kijiko kimoja cha chai. Alafu ubongo peke yake unakula kama gramu 5 kwa saa, mchana na usiku, uwe unafanya hesabu za duka au unakoroma. Yani sukari iliyomo kwenye damu, kama hakuna anayeongezea, ubongo ungeimaliza ndani ya saa moja na mtu angezimia. Chembe nyekundu za damu nazo zinataka glukosi tu, hazina uwezo wa kuchoma mafuta. Kwahiyo kati ya mlo na mlo lazima kuwe na mtu anamimina sukari kwenye damu bila kukoma, na huyo mtu ni ini, linasaidiwa kidogo na figo.

Chukua konda wa daladala ya Mbagala, kijana mzima wa kilo 70, hana kisukari. Amerudi ghetto saa tatu usiku kapiga ugali wa nguvu na maharage na dagaa, tuseme kwenye ile sahani kuna wanga gramu 150. Alfajiri saa kumi yupo barabarani, na chai yake na chapati mbili ataipata saa nne asubuhi gari likikaa kwenye foleni ya kupakia. Kuanzia ugali mpaka chapati ni saa 13. Ukimpima sukari katika hizo saa zote, ukiacha muda ule baada ya kula, utakuta inacheza kwenye 4 na nusu mpaka 5 na kitu, hairuki wala haidondoki. Hiyo gramu 150 ni zaidi ya mara 30 ya sukari iliyomo kwenye damu yake yote, na baadae kuna masaa na masaa haingii hata punje, lakini namba ipo pale pale. Nani anafanya hiyo kazi?

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kongosho. Sehemu kubwa ya kongosho inatengeneza maji ya kusaga chakula, lakini humo ndani vimetawanyika vikundi vidogo vya seli ambavyo mwanafunzi wa udaktari Mjerumani, Paul Langerhans, aliviona kwa darubini mwaka 1869 bila kujua vinafanya nini, leo vinaitwa visiwa vya Langerhans. Vipo kama milioni moja, na vyote kwa pamoja havizidi asilimia 2 ya kongosho. Ndani ya kila kisiwa kuna seli za beta zinazotoa insulini, homoni ya kushusha sukari, na seli za alfa zinazotoa glukagoni, homoni ya kuipandisha, zimekaa bega kwa bega, na huu ujirani wao ukumbuke maana tutaurudia.

Seli ya beta haisubiri amri ya ubongo ili ijue sukari imepanda, inaionja yenyewe. Glukosi inaingia ndani ya seli, inachomwa, nguvu inayopatikana inafunga vitundu fulani vya potasiamu kwenye ngozi ya seli, umeme wa seli unabadilika, kalsiamu inaingia, na insulini iliyokuwa imefungashwa tayari inamwagwa nje. Sukari ikiwa nyingi inachomwa nyingi na insulini inatoka nyingi, ikipungua basi inapungua. (Dawa ya kisukari kama glibenklamidi inaenda kufunga vile vitundu kwa nguvu hata kama sukari haijapanda, ndo maana mtu akimeza akasahau kula anaweza kuanguka.) Na insulini ikishatoka haikai, ndani ya dakika 5 hivi nusu yake imeshaondolewa kwenye damu, kwahiyo kongosho inaweza kubadilisha maamuzi haraka sana.

Kitu kingine watu hawaambiwi, damu inayotoka kwenye kongosho haiendi moja kwa moja mwilini, inapita kwanza kwenye ini. Ini ndo linapata insulini na glukagoni zikiwa bado nyingi na freshi, na linakula kama nusu ya insulini hapo hapo kabla mwili mwingine haujaonja. Ukiangalia mpangilio huo unaona kabisa kwamba mteja wa kwanza wa hizi homoni mbili ni ini.

Turudi kwa konda. Ugali unaanza kuingia, sukari inapanda kwenda 7 hivi, insulini inamiminika. Inafanya mambo mawili makubwa. Kwenye misuli na mafuta inafungua milango ili glukosi iingie, hii ndo stori inayosimuliwa kila mahali. Kwenye ini inasema acha kutoa, anza kuweka akiba, na ini linaunganisha glukosi kuwa glaikojeni. Ini ni kama tenki la maji juu ya nyumba za huku kwetu, bomba likitoa linajaa, bomba likikata linahudumia nyumba nzima. Ini lililojaa linabeba glaikojeni kama gramu 100. Misuli nayo inaweka yake, tena nyingi zaidi, inafika gramu 400, ila ya misuli haitoki, misuli haina kimeng'enya cha kuiachia glukosi irudi kwenye damu, inaila yenyewe. Kwahiyo sukari ikianguka usiku misuli haiwezi kukuokoa hata kama imejaa.

Kufika saa nane usiku ugali umekwisha kwenye utumbo. Sukari inaanza kushuka, kidogo sana, haifiki hata namba moja, na hiyo inatosha: seli za beta zinapunguza insulini, na seli za alfa pembeni zinaongeza glukagoni. Glukagoni inafika kwenye ini na kusema vunja glaikojeni, na sambamba na hilo ini linaanza kutengeneza glukosi mpya kabisa kutoka kwa vitu ambavyo havikuwa sukari, asidi ya laktiki inayotoka kwenye chembe nyekundu na misuli, vipande vya protini, na gliseroli inayotoka kwenye mafuta. Ini la konda litatoa kama gramu 8 kwa saa. Kuanzia saa nane usiku mpaka saa nne asubuhi ni saa 8, kwahiyo gramu 64, na baada ya usiku wa kawaida kama huu nusu hivi inatoka kwenye akiba na nusu ni mpya. Akiba yake bado ipo nyingi, chapati hata zikichelewa mpaka mchana hataanguka, njaa atasikia, hasira atakuwa nazo, lakini kuanguka hapana.

Sasa sehemu ambayo mimi naona ndo moyo wa jambo lote. Watu wanasema mchana ni zamu ya insulini na usiku ni zamu ya glukagoni, kama taa inazimwa nyingine inawashwa. Haipo hivyo. Usiku insulini inapungua lakini HAIISHI. Kongosho inaendelea kutoa kidogo kidogo usiku kucha, na hicho kidogo kina kazi nzito: kinalishika ini lisitoe kupita kiasi, kinashika mafuta yasiyeyuke yote kwa mpigo, na pale kisiwani, kwa ule ujirani niliousema, kinaishika seli ya alfa yenyewe isitoe glukagoni ovyo. Ubongo unachukua sukari bila kuhitaji insulini, kwahiyo kwa mtu aliyelala na njaa kazi kubwa ya insulini sio kuingiza sukari kwenye seli, ni kulizuia ini. Gramu 8 kwa saa badala ya 12, hiyo ndo kazi ya insulini ya usiku.

Ukishaelewa hilo mrudie yule mama wa uji. Ana kisukari aina ya pili. Insulini anayo, pengine hata sio kidogo, lakini ini lake limekuwa zito kuisikia, na seli zake za alfa nazo hazishikiki vizuri, glukagoni yake ipo juu wakati haitakiwi. Daktari mmoja Mmarekani, Roger Unger, alikomaa na hoja hii tangu miaka ya 1970, kwamba kisukari sio upungufu wa insulini tu, ni glukagoni iliyozidi pia. Hebu tupige hesabu ya kukadiria. Mama kalala sukari ikiwa 6.5. Glukosi haikai kwenye damu tu, inasambaa kwenye maji yote yaliyo nje ya seli, tuseme kwake ni lita 14. Tuseme kuanzia saa nane usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ini lake linatoa gramu 2 zaidi kwa saa kuliko mwili unavyotumia. Saa 4 mara gramu 2 ni gramu 8. Gramu 8 ndani ya lita 14 inapandisha namba kwa 3.2 hivi. Sita na nusu kujumlisha tatu nukta mbili, unapata 9.7. Gramu 8 ni vijiko viwili vya chai! Hahitaji kula kwa siri, ini likizidisha vijiko viwili tu usiku mzima mashine ishasoma 9.7. Na inakuwa mbaya zaidi alfajiri kwa sababu mwili wa kila mtu unapandisha kotisoli na homoni ya ukuaji kuelekea asubuhi, zote zinaliambia ini liongeze. Kwa konda kongosho inaongeza insulini kidogo na namba haitikisiki, kwa mama hakuna wa kusawazisha.

Ndo maana pia kulala njaa hakumsaidii kama anavyotegemea. Anaondoa sukari ya mlo, sawa, ila ile ya asubuhi haikutoka kwenye mlo. Na ndo maana metfomini, dawa anayoanzishiwa karibu kila mtu, kazi yake kubwa ni kupunguza ini lisitoe sukari nyingi, sasa mtu anasema mimi usiku sijala kwahiyo dawa siimezi, anakuwa amemuachia ini nyumba nzima. Akitaka kujua nini kinatokea usiku apime mara tatu kwa siku chache: wakati wa kulala, saa tisa usiku, na akiamka. Ikiwa juu tangu wakati wa kulala, tatizo ni jioni. Ikiwa nzuri usiku alafu ikapanda kuelekea asubuhi, ni ini na zile homoni za alfajiri. Ikiwa saa tisa ipo chini ya 4 basi dawa ya usiku ni kubwa kwake au insulini anayochoma imezidi, na hapo anatakiwa kumpelekea daktari hizo namba, sio kujipunguzia mwenyewe. Hizo namba tatu kwenye karatasi zinamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Kwa mtu wa aina ya kwanza, ambaye seli za beta zimekufa, hapo hakuna mkono wowote wa kulishika ini. Na hapa kuna kosa linaloua vijana: mtoto anaumwa malaria, anatapika, hali chochote, mzazi anasema hajala kwahiyo leo hatumchomi insulini. Mzazi wangu, tafadhali, usifanye hivyo. Hajala, lakini ini lake linakula amri ya glukagoni isiyo na mpinzani, linamwaga sukari, mafuta yanayeyuka bila breki na ini linayageuza kuwa ketoni, damu inakuwa na asidi. Sukari inaweza kufika 20 na kuendelea kwa mtu ambaye hajameza kitu tangu jana. Utaona kiu kali, mkojo mwingi, kutapika, tumbo kuuma, anapumua kwa kina na haraka kama ametoka kukimbia, mdomo una harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Huyo ni wa hospitali sasa hivi. Insulini ile ya muda mrefu inabaki hata siku ya kutokula, kiwango kinaweza kubadilishwa na daktari au nesi wa kliniki, lakini haiachwi.

Upande wa pili wa shilingi kwa watu hawa hawa ni sukari kushuka. Kwa konda, sukari ikikaribia 3.8 glukagoni inaruka juu na adrenalini inafuata, ndo unatetemeka, jasho, moyo unaenda mbio. Ile alama ambayo seli ya alfa inaitegemea ni insulini ya jirani kupungua ghafla. Mtu wa aina ya kwanza hana insulini ya jirani, anayo ya sindano, na ya sindano haijui sukari imeshuka, inaendelea kufanya kazi tu. Kwahiyo baada ya miaka kadhaa seli zake za alfa zipo hai lakini hazistuki tena kwa sukari kushuka. Glukagoni ambayo ilikuwa inazidi asubuhi ndo hiyo hiyo inakosekana anapoihitaji. Anabaki na adrenalini, na kama anashuka mara kwa mara hata ile inachoka, anapita kwenye 3 bila kutetemeka, watu wanaona tu anaongea vitu visivyoeleweka. Mpe sukari gramu 15, vijiko vinne vya chai kwenye maji au nusu ya chupa ndogo ya soda, sio soda isiyo na sukari, pima tena baada ya dakika 15, alafu ale chakula. Kama hajitambui usimmiminie kitu mdomoni kitaingia kwenye mapafu, mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Nimalizie na pombe, maana Dar hii wikiendi zake tunazijua. Ini linapochoma pombe, kazi ya kutengeneza sukari mpya inasimama karibu yote, kemikali zinazohitajika zimetumika kwenye pombe. Akiba ya glaikojeni bado inatoka, kwahiyo aliyekula vizuri atasukuma. Lakini mtu aliyeshinda njaa alafu akapiga pombe kali mpaka usiku, akiba inaisha, sukari mpya haitengenezwi, na glukagoni hata ikipiga kelele vipi ini halina cha kutoa, hata sindano ya glukagoni yenyewe haitamsaidia sana kwa sababu hiyo hiyo, anataka glukosi ya mshipani. Akiwa pia anatumia insulini au glibenklamidi ndo hatari inaongezeka mara nyingi. Na shida ni kwamba sukari ya chini inafanana kabisa na ulevi: anayumba, anagomba, maneno yanaburuzika, baadae analala hoi. Wenzake wanasema muacheni usingizi utamtoa. Mtu wa namna hiyo apimwe kidole hapo hapo, na kama hakuna mashine karibu apelekwe zahanati yoyote iliyo wazi usiku huo huo, msisubiri asubuhi.